Laki tatu ya Dar, mkononi ni laki na themanini na tisa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na afisa rasilimali watu wa kampuni moja ya Dar. Wananitaka nihame Mwanza, na mshahara utatoka 1,400,000 hadi 1,700,000. Nikamwambia naomba nipige hesabu kwanza. Akacheka. "Kaka, Dar ni Dar, ukifika utajipanga."

Nimejipanga nikiwa hukuhuku. Nilichukua taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, risiti za LUKU na daftari la mke wangu. Miezi 12, kwa sababu ukitazama mwezi wa tatu peke yake huoni kodi inayolipwa kwa miezi sita wala ada ya Januari. Taarifa ya simu nayo ina shimo lake: "kutoa kwa wakala 50,000" haikwambii hela iliishia wapi. Daftari linasema ilikwenda sokoni.

Kwa wastani tunatumia 1,036,000 kwa mwezi, kikoba na hela ya wazazi humo humo. Mkononi napata 1,054,000. Kwa hiyo hakuna mafuta ya kupunguza.

Kisha nikachukua kila mstari na kumpigia rafiki yangu anayekaa Tabata. Nyumba kama yangu ya Nyegezi ya 200,000, kwake ni 350,000. Nauli itapanda kwa 40,000, maana ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. LUKU ndiyo ilinifundisha kitu: bei ya uniti ni ileile Mwanza na Dar, lakini kule feni inazunguka usiku kucha na mtoto halali bila hiyo. Bei haijabadilika, uniti zimebadilika. Umeme na maji, ongeza 35,000. Kwenda kusalimia nyumbani mara moja kwa mwaka sisi watatu, ukigawa kwa 12, ni 35,000 nyingine.

Lakini kilichonikera zaidi hakimo kwenye rekodi yoyote. Mama mdogo anakaa na mtoto wetu tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwenye daftari hayupo, kwa sababu hatumlipi. Mchele tunaoletewa kutoka Sengerema nao haupo. Rekodi huandika ulichonunua tu, haiandiki ulichopewa. Ukihama, undugu wote huo unageuka bili. Dada wa kazi, mshahara wake na chakula chake, sikupata chini ya 150,000. Mchele wa kununua, pamoja na samaki ambaye hapa namchukua mwaloni, ni 70,000 juu ya chakula cha sasa. Mstari wa mama mdogo peke yake ni sawa na pengo lote la kodi ya nyumba! Nimeshaona vile vikokotoo vya mtandaoni vya gharama za miji. Vinakuuliza bei ya kapuchino. Hakuna hata kimoja kilichoniuliza nani anamwogesha mtoto.

Jumla ya nyongeza ni 480,000. Nakubali, nguo Kariakoo ni nafuu. Ila sinunui suruali kila wiki.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoliwa. Hiyo 480,000 ni ya mkononi, si ya kwenye mkataba. Kwa mshahara wangu, kila shilingi 100 inayoongezwa, NSSF inachukua 10, na 90 iliyobaki inakatwa kodi ya 30%, yaani 27. Nabaki na 63. (Mwenye deni la bodi ya mikopo apige upya, yake ni kali zaidi.) Laki tatu yao, basi, ni 189,000. Ili nipate 480,000 nagawa kwa 0.63, inakuja kama 762,000. Mshahara wa kunibakiza nilipo, bila kupanda hata ngazi moja, ni 2,162,000. Nikikubali 1,700,000, kila mwezi napungukiwa 291,000, na nitakuwa nimepandishwa cheo.

Gharama za kuhama sikuzichanganya humo. Kodi ya miezi sita, mwezi mmoja wa dalali, jumla 2,450,000 kabla ya lori. Hiyo ni ya mara moja, inaombwa mara moja.

Kuna atakayesema nikakae Chanika, kodi inashuka. Sawa, inashuka, na mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Hayo siyo maisha yaleyale niliyoulizia bei.

Nimemtumia afisa jedwali lote, mstari kwa mstari. Amejibu kwa neno moja: "Duh." Bado nasubiri la pili.