"Bila sukari" ya soda na "bila sukari" ya pipi

"Mama ana kisukari. Ameacha soda ya kawaida, anakunywa isiyo na sukari, na kwenye mkoba ana pipi zisizo na sukari. Kopo la soda lina onyo la fenilalanini, pakiti ya pipi ina onyo la kuharisha. Lipi la kuogopa zaidi?"

La pipi. Sababu inaanza kuonekana kwenye orodha ya viambato, ambavyo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Geuza kopo la soda: maji yanatangulia, kisha gesi, rangi na asidi, na kule chini kabisa unakuta vitia utamu kama aspatemu (E951), asesulfemu-K (E950) au sukralozi (E955). Vimewekwa mwishoni kwa sababu ni vichache mno. Aspatemu ina utamu wa takriban mara 200 ya sukari, hivyo hata kopo lenye kiasi kikubwa huwa na miligramu 200 hadi 300 tu.

Sasa geuza pakiti ya pipi. Jina la kwanza kabisa ni isomalti (E953), maltitoli (E965) au sorbitoli (E420). Hizi ni polioli, ambazo pia huitwa alkoholi za sukari, ingawa hazina pombe wala hazilevyi. Utamu wake ni mdogo kuliko wa sukari, kwa hiyo haziwezi kutiwa chembe tu. Pipi yenyewe imetengenezwa kwazo, gramu kwa gramu. Majina yake mengi kwenye pakiti huishia na "ol", ila isomalti haifuati mtindo huo na ndiyo inayowapita watu wengi.

Turudi kwenye onyo la kopo. Fenilalanini ni sehemu ya protini, imo kwenye maharage, nyama, mayai na maziwa. Aspatemu ikimeng'enywa nayo huitoa. Onyo limewekwa kwa ajili ya waliozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuivunja fenilalanini hadi inarundikana na kudhuru ubongo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huo, onyo hilo ni zito na lisipuuzwe hata kidogo. Mama aliyekula maharage maisha yake yote bila shida hahusiki nalo.

Hofu nyingine ni ya saratani, nayo ina msingi, japo si mkubwa kama inavyosambazwa. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka aspatemu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa ushahidi uliotajwa kuwa mdogo. Mwezi huohuo kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilipitia kiwango cha juu cha matumizi na kukiacha palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 angehitaji makopo 8 hadi 12 kila siku ndipo afike hapo. Lakini naomba wanaotuliza watu kwa hesabu hii wasiishie kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 20 mpaka wake ni miligramu 800, na kopo la tatu linaweza kumvusha. Watoto sioni sababu ya kuwazoesha kabisa.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya soda hizi. Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitumie vitia utamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha uzito ukipungua kidogo, ila tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi ziliwahusisha watumiaji na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Ugumu wa kuzisoma tafiti hizo ni kwamba wanaokimbilia soda hizi mara nyingi ni wale ambao tayari wana uzito mkubwa, na si rahisi kutenganisha chanzo na matokeo. WHO yenyewe ilisema ushauri huo hauwahusu walio na kisukari tayari. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko vidogo 12. Kwa mama anayeiacha hiyo, nafuu ya sukari ya damu ni ya kweli. Maji ni bora zaidi, lakini sitamnyang'anya kopo lake.

Pipi ndizo zinanipa wasiwasi. Polioli hufyonzwa kwa shida kwenye utumbo mwembamba. Kinachobaki huvuta maji kuingia utumboni, kisha kikifika utumbo mpana bakteria hukichachusha. Ndipo gesi, tumbo kunguruma, na kuharisha. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin walieleza habari za binti wa miaka 21 aliyeharisha kwa miezi minane na kupungua kilo 11. Alipimwa mengi bila jibu, hadi walipomuuliza kuhusu chingamu. Alikuwa akila gramu 18 hadi 20 za sorbitoli kwa siku, na kipande kimoja kina kama gramu moja na robo. Alipoacha, tumbo lilitulia na uzito ukarudi.

Nchi za Umoja wa Ulaya hulazimisha onyo pale polioli zilizoongezwa zinapozidi asilimia 10 ya chakula. Marekani, kwa sorbitoli, huangalia kama mtu anaweza kufikisha gramu 50 kwa siku. Binti yule hakufika hata nusu ya hizo. Pipi ngumu ya gramu 3 karibu yote ni polioli, kwa hiyo pipi saba mchana mmoja zinatosha kumweka mama alipokuwa binti huyo.

Kwa mwenye kisukari tatizo lina sura ya pili: metformini, dawa ya kisukari, nayo huweza kuleta kuharisha. Mama akisumbuliwa na tumbo, dawa ndiyo italaumiwa, na wapo wanaoiacha kimyakimya. Kabla ya hapo, dawa iendelee, pipi na chingamu zisimame kwa siku chache. Tumbo likitulia, chanzo kimejulikana. Lisipotulia, aende kwa daktari.

Halafu asome mstari wa wanga, si wa sukari peke yake. Mstari wa sukari unaweza kuandika 0 wakati wa wanga unaonyesha zaidi ya gramu 90 katika kila gramu 100, kwa kuwa polioli huhesabiwa kama wanga. Kwenye lebo za Ulaya gramu moja ya polioli huhesabiwa kilokalori 2.4, dhidi ya 4 za sukari, isipokuwa eritritoli (E968) ambayo ni 0. Isomalti na sorbitoli hupandisha sukari ya damu kidogo tu. Maltitoli, inayopendwa kwenye chokoleti, huipandisha kama nusu ya sukari ya kawaida, na chokoleti hiyo bado ina mafuta yake yote.

Kama mama anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, mkoba wake unahitaji kitu kingine. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, pipi zile hazitamwokoa, wala kopo lile. Anahitaji gramu 15 za sukari halisi: vijiko vidogo vitatu kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15. Na soda hiyo nayo isomwe lebo kabla ya kuwekwa akiba, maana siku hizi zipo za kawaida zilizopunguzwa sukari na kujaziwa sukralozi.