Mguu wa beki ndani ya D

"Mpira umemgusa tu beki mguuni, tena pembeni kabisa mwa D, mbali na goli. Mbona wapinzani wapewe kona fupi? Si wangepewa mpigo huru yaishe?" Ni swali la mzazi ambaye binti yake ameanza kucheza hoki mwaka huu, na aliniuliza tukitoka kutazama mechi City Park. Kona fupi ni ile adhabu ambayo washambuliaji wanaanzisha mpira kutoka mstari wa nyuma, huku walinzi watano tu wakibaki kulinda goli.

Tuanze na kile ambacho ule mguu ulikizuia. Katika hoki huwezi kufunga kutoka popote. Goli linahesabiwa tu ikiwa mshambuliaji ameugusa mpira kwa gongo lake akiwa ndani ya D, yaani lile eneo ambalo mstari wake uko mita 14.63 kutoka golini. Ukiuchapa kutoka nje ukaingia wavuni bila mshambuliaji mwingine kuugusa ndani, hakuna goli. Kwa hiyo kazi kubwa ya shambulizi lolote ni kuufikisha mpira mle ndani ukiwa bado wenu. Timu inaweza kuhangaika robo nzima ya mchezo ikafanikiwa mara mbili tu.

Sasa mtazame beki. Gongo la hoki lina upande mmoja bapa, na mpira unachezwa kwa upande huo au kingo zake. Ukiugusa kwa mgongo wake wa mviringo, filimbi inalia. Magongo ya mashoto hayapo, hivyo kila mchezaji ana nguvu upande wake wa kulia, na mpira ukimjia kushoto lazima aligeuze gongo kichwa kitazame chini ndipo ule ubapa uupate. Ni kitendo cha sekunde moja, lakini mshambuliaji mjanja anakijua, na ndiyo maana anapitisha mpira kushoto kwa beki. Gongo likichelewa kugeuka, kinachobaki njiani ni kiatu, na beki haruhusiwi kuucheza mpira kwa mguu.

Hapo watu wengi wanasema, "lakini hakukusudia." Ni kweli, na sheria inalijua hilo. Mpira kugusa mguu si kosa kila mara. Mwamuzi anaangalia kama beki amefaidika, au kama alijiweka pale makusudi auzuie kwa mwili. Ukimparaza kiatu na bado ukamfikia mshambuliaji aliyekuwa anausubiri, mchezo unaendelea. Filimbi inalia pale mguu unapofanya kazi iliyolishinda gongo.

Je, mpigo huru ungetosha? Mpigo huru wa washambuliaji karibu na goli hauruhusiwi kutumwa moja kwa moja ndani ya D. Ukipewa ndani ya mstari wa mita 23, mpira lazima kwanza usafiri mita 5 au uguswe na mpinzani. Wakati huo wote mabeki wanarudi, na wanaweza kujaa mle ndani wote 11. Mshambuliaji aliyekuwa amempita mtu wake, akiwa na nafasi mbele yake, sasa anatazama ukuta. Kama hiyo ndiyo adhabu, kocha yeyote mwenye akili angewafundisha mabeki wake kuweka mguu kila wanapozidiwa, na wengi wangeweza kuufanya uonekane wa bahati mbaya. Kona fupi inarudisha nafasi iliyopotea. Walinzi watano tu, kipa akiwemo, wanasimama nyuma ya mstari wa goli, na wenzao sita wanapelekwa ng'ambo ya mstari wa kati.

Hesabu hiyo ndiyo inayowashtua wageni, watano dhidi ya kundi zima. Lakini fuata mpira wenyewe. Mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili kuelekea golini. Mpira unawekwa kwenye mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka mlingoti, na anayeusukuma lazima awe na mguu mmoja nje ya uwanja. Washambuliaji wengine wako nje ya D, hata magongo yao hayaruhusiwi kugusa ardhi ndani. Ukisukumwa hadi juu ya D unasafiri kama mita 19, na lazima utoke nje ya D kwanza, la sivyo goli halihesabiwi. Hapo mwenzake autulize, mwingine auvute ndani, ndipo apige. Tangu mpira uliposukumwa, walinzi wako mbioni kumfuata. Kwenye nyasi au murram ya viwanja vingi vya shule, mpira unaruka, kutuliza kunashindikana, na kona inaishia hapo.

Kuna vipimo viwili ambavyo nadhani kila mtazamaji mpya angevijua kabla ya kulalamika. Cha kwanza ni ule ubao ulio chini ndani ya goli, wenye kimo cha sentimita 46. Shuti la kwanza la kona fupi, kama ni la kuchapa, lazima livuke mstari wa goli bila kuzidi kimo hicho. Likiingia juu yake, hata kipa asingelifikia, hakuna goli. Ndiyo maana mashuti mazuri ya kuchapa unayasikia kabla hujayaona, kwa mlio wa mpira kwenye ubao.

Cha pili ni goti la beki. Tuseme beki wa kwanza ametoka mbio kwenye mlingoti, na shuti la kwanza linapigwa yeye akiwa mita 4 kutoka kwa mpigaji. Likimpata kwenye kifundo cha mguu, washambuliaji wanapewa kona fupi nyingine. Lakini likimpata gotini au juu yake, akiwa amesimama kawaida, shuti hilo linahesabiwa kuwa la hatari, na mpigo huru ni wa timu yake. Pigo lilelile, mtu yuleyule, tofauti ni kimo cha shubiri chache, na matokeo yanageuka kabisa. Adhabu hii imemfunga na anayeitumia.

Walalamikaji wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Kipimo cha ubao hakimhusu anayeukokota mpira kwa gongo na kuurusha. Yeye anaweza kulenga kona ya juu ya goli, mita 2.14 kutoka ardhini, mradi mwamuzi asione hatari. Mtaalamu wa mrusho huo anaweza kuamua mechi, na beki aliye kwenye mstari anaukabili mpira mgumu unaokuja usawa wa uso. Hapo naona sheria inamlinda kidogo kuliko anavyostahili, na wanaotaka irekebishwe nawasikiliza. Hoja ya "pembeni kabisa" ndiyo hainishawishi. Mshambuliaji aliye na mpira pale pembeni anatazama mwenzake kwenye mlingoti wa pili. Pasi ile ikikatwa kwa mguu, goli limekatwa nayo.

Na kama mguu ulizuia mpira ambao ungeingia goli, kona fupi haitolewi. Inakuwa penalti, mpigaji na kipa peke yao, kutoka mita 6.40.

Kwa huyu mzazi kuna jambo la karibu zaidi. Beki hana ruhusa ya kutoka kabla mpira haujasukumwa. Akitangulia, anapelekwa mstari wa kati, hakuna wa kujaza nafasi yake, na kona inarudiwa na walinzi wanne. Wasichana wenye mbio ndio wanaopangwa kuwa mkimbiaji wa kwanza, mara nyingi wakiwa bado wageni. Kabla binti hajapewa kazi hiyo, muulize kocha kama timu ina barakoa za uso na kinga za magoti za kuvaa wakati wa kona fupi. Sheria inaruhusu zote mbili.