Ugali wa uwele hauna ruhusa ya mlima

Kuna kauli moja hapa Dodoma imenichosha, na kila nikikaa na mtu mwenye sukari lazima niisikie: "mi nimeacha sembe, sasa hivi nakula uwele tu, kwa hiyo niko sawa." Halafu ukiangalia sahani yake, mlima. Yaani mtu kaambiwa chakula fulani ni kizuri, yeye kaelewa kwamba kizuri maana yake hakihesabiki. Na kwa maoni yangu kosa sio lake peke yake, maana tunavyowafundisha watu ni kwa orodha, hiki kula hiki usile, na hakuna anayewaambia kiasi gani.

Tuanzie hapo kwenye orodha zinakotoka. Mwaka 1981 huko Toronto, Kanada, daktari mmoja anaitwa David Jenkins na wenzake walitoa kipimo cha kulinganisha vyakula, kinaitwa indeksi ya glaisemia, wengi wanaandika GI. Kinavyofanyika ni hivi: wanachukua watu wachache, mara nyingi kama kumi, hawajala tangu usiku, wanawapa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa, halafu wanapima sukari kwenye damu kidogo kidogo kwa masaa mawili, wanachora mstari. Siku nyingine watu walewale wanakunywa glukosi yenyewe gramu 50. Glukosi inapewa 100, na chakula chako kinapewa namba kulingana na mstari wake ulivyojaa ukilinganisha na ule wa glukosi. Ikiwa 55 kushuka chini wanasema ni ya chini, 70 kwenda juu ni ya juu.

Sasa rudi uangalie hapo kwenye gramu 50 za wanga, maana watu wengi wanapapita tu. Sio gramu 50 za chakula, ni za wanga. Chukua tikiti maji, ambalo kwenye majedwali mengi linakaa kwenye sabini na kitu, na ndio maana watu wenye sukari wanalikimbia kama nyoka. Tikiti karibu lote ni maji, gramu 100 za nyama yake zina wanga kama gramu 7 na nusu hivi, kwa hiyo ili umlishe mtu gramu 50 za wanga wa tikiti inabidi ale karibu theluthi mbili ya kilo, bila ganda. Nani anakula hivyo kwa mkupuo? Kipande cha kawaida cha pale Majengo sokoni, tuseme gramu 150, kina wanga kama gramu 11.

Ndio maana mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakaja na hesabu ya pili, mzigo wa glaisemia, yaani GL. Haina maajabu:

GL = GI × gramu za wanga ulizokula ÷ 100

Lile tikiti letu: 72 mara 11 gawanya kwa 100, unapata kama 8. Chini ya 10 au 10 yenyewe inahesabika mzigo mdogo, 20 na kuendelea ni mkubwa. Mi huwa naelezea hivi, indeksi ni bei ya kilo moja, mzigo ni hela unayotoa mfukoni ukishapimiwa. Bei rahisi ukibeba gunia zima bado utalipa sana tu.

Na hapo ndo zabibu zetu zinawakamata watu. Zabibu indeksi yake ni ya chini, kama 50 hivi, kwenye orodha inaonekana afadhali kuliko tikiti, sawa. Ila ina wanga kama gramu 17 kwa kila gramu 100. Ukila konzi moja ya gramu 100 mzigo ni 8 na nusu, kama kile kipande cha tikiti tu. Lakini msimu ukifika nani Dodoma anakula konzi moja? Mtu ananunua nusu kilo anatafuna akiwa kwenye bajaji, akifika nyumbani mfuko mtupu, hapo kala gramu 85 za wanga na mzigo ni zaidi ya 40, na moyoni anajua kala tunda la ruhusa.

Turudi kwenye ugali maana huko ndiko kwenye mambo. Mjomba wangu wa Kongwa ana sukari miaka mingi, na alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya kliniki. Nyumbani kwake wameshahama kwenye sembe, wanakula uwele na mlenda, kitu ambacho mimi naunga mkono kabisa. Ila kipimo chake kilikuwa hakieleweki, asubuhi kabla ya kula 7.8, masaa mawili baada ya chakula cha mchana 14 na pointi. Nikamwambia, "Shikamoo zangu ziko palepale mjomba, ila leo naomba nikuulize, unakula ugali kiasi gani?" Akacheka, "Mjomba, mimi nakula mpaka nishibe, si uwele huu?"

Basi tukafanya kitu kimoja, tukapima unga kabla haujaingia sufuriani, na hii ndo njia ninayomshauri kila mtu. Ugali wenyewe ukiupima utadanganyika, kwa sababu kuna wa kulegea na wa kukaza, maji yanatofautiana. Unga haudanganyi. Angalia unga ulioingia kwenye sufuria gawanya kwa walaji, mtindo wa nyumba nyingi wa kilo moja kwa watu watano ni gramu 200 za unga kila mtu. Na mjomba hiyo 200 ndiyo yake, wakati enzi za sembe kwa maelezo ya mama mkubwa alikuwa anakula kama 120, maana sembe alikuwa anaiogopa.

Piga hesabu sasa. Sembe gramu 120, wanga karibu gramu 90, indeksi tuipe 70, mzigo 63. Uwele gramu 200, wanga kama 130, indeksi tuupendelee kabisa tuseme 55, mzigo unafika 71. Umeona? Kahamia kwenye unga bora na mzigo umepanda. Hizo indeksi nimezikadiria, kwa sababu ugali ukipimwa majibu yanabadilika kulingana na nafaka, ulaini wa unga na upikaji, kuna vipimo vya uwele vinavyotoka juu zaidi ya hiyo 55, na hapo mjomba anazidi kuumia. Ila kwenye hesabu yote kilichomponza ni gramu, sio aina ya unga.

Tukashusha mpaka unga gramu 90, wanga kama 58, mzigo kama 32. Bado ni mkubwa kwa mujibu wa vile viwango, lakini vile viwango ni vya chakula kimoja, na huwezi kumwambia Mgogo ale ugali wa mzigo 10, hilo ni tonge tatu utamkuta jikoni usiku. Kilichopungua kwenye ugali kikaongezwa kwenye mlenda na maharage. Masaa mawili baadaye kipimo kikasoma 10.9. Sio uchawi, na siku nyingine inasoma tofauti kidogo, ila ile 14 imekuwa ya nadra.

Shida iliyobaki ni sinia. Watu mnakula pamoja mnamega, hakuna anayejua kala kiasi gani, na mzee akimaliza mapema wenyewe mnamsogezea, "baba ongeza". Mwenye sukari apakuliwe kwenye sahani yake, basi. Mjomba alinuna mwanzoni akasema anatengwa kama mgeni, mama mkubwa akamjibu "bora utengwe na sinia kuliko na mguu", kikaisha.

Nisiuze hii hesabu kama haina matundu, inayo. Kwanza inachukulia kwamba ukila mara mbili sukari inapanda mara mbili, kumbe mwilini sio mstari ulionyooka hivyo. Ukizidisha sana chakula kilele hakipandi kwa kiwango kilekile, badala yake sukari inakaa juu muda mrefu. Hapo ndipo watu wanajidanganya, kala mlima, kapima baada ya masaa mawili kaona sio mbaya sana, kaacha. Pima na baada ya masaa matatu au manne siku moja ya namna hiyo uone kama imeshuka kweli au imeng'ang'ania palepale. Pili, indeksi imepimwa chakula kikiwa peke yake, wakati sisi tunakula ugali na maharage, na nyama, na mafuta, vitu vinavyochelewesha tumbo kutoa chakula, kwa hiyo namba ya kwenye jedwali ni makadirio tu na watu wawili wakila sahani moja wanaweza kusoma tofauti kabisa. Stripu ni ghali najua, lakini stripu mbili kwenye mlo mmoja unaokula kila siku, moja kabla na moja masaa mawili baada ya tonge la kwanza, zinakuambia zaidi ya jedwali lolote. Na tatu, mzigo mdogo sio cheti cha afya, kitimoto haina wanga hata kidogo mzigo wake ni sifuri, sasa sijui utakula kilo ngapi kwa sababu hiyo.

Kuna wanaosema hizi hesabu ni za wasomi, bibi wa Mpwapwa hawezi. Sikubaliani. Huyo bibi anajua debe, kisado na robo vizuri kuliko mimi na wewe, na hahitaji kujua GI ni nini, anahitaji kikombe kimoja kisichobadilika cha kuchotea unga wa mgonjwa. Kikombe ukipeleke dukani mara moja, unga upimwe kwenye mizani ujue kinabeba gramu ngapi, ukiweke alama.

Ila kabla hujamkatia mtu ugali, muulize anameza nini. Kama anatumia insulini, au vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamaidi, dozi ile ilipangwa akiwa anakula ule mlima, ukipunguza unga nusu ghafla na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kushuka mpaka akaanza kutetemeka, jasho jembamba, akili inaruka. Sisi tulimpigia kwanza daktari wake, akampunguzia kidonge cha jioni ndipo tukaanza na kikombe.