Ziwani au sanduku la kura? Wanahistoria wawili na Mapinduzi ya 1964

Kila ifikapo Januari, barazani kwetu huulizwa Mapinduzi ya Zanzibar yalisababishwa na nini, na mara nyingi kinachojibiwa ni swali jengine: nani wa kulaumiwa. Lawama ina mahali pake, kwani watu wengi waliuawa na familia zao bado zipo. Lakini sababu ni kitu cha kupimwa, na kuipima hatufundishwi. Ndiyo maana nimeandika mazungumzo haya. Wazungumzaji wawili ni wa kubuni, mambo wanayoyabishania si ya kubuni. Maalim ni mzee wa Wete, Pemba. Dokta ni mwanamke wa Unguja, zamani mwanafunzi wake.

MAALIM: Mimi naanzia uchaguzi wa Julai 1963. Chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilipata asilimia 54 ya kura zote, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Wapinzani wake, vyama vya ZNP na ZPPP, kwa pamoja wakapata 18, wakaunda serikali ya Sheikh Mohammed Shamte. Tarehe 10 Desemba uhuru ukakabidhiwa kwa upande uliopata kura chache. Mwezi mmoja baadaye serikali haipo. Unataka sababu gani tena, mwanangu?

DOKTA: Shikamoo kwanza, Maalim. Kura hizo ziliibiwa?

MAALIM: Marahaba. Hazikuhitaji kuibiwa. Kura za ASP zilirundikana. Kule Unguja ASP ilichukua majimbo 11 kati ya 17, na mengine iliyachukua kwa wingi mkubwa mno. Kura inayozidi katika jimbo ulilokwisha kushinda haikuongezei kiti. Pemba kulikuwa na majimbo 14, ikapata mawili tu, ingawa walioipigia kura kule hawakuwa wachache. Mtu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, hahesabu mipaka ya majimbo. Anaona wao ni wengi na wametawaliwa.

DOKTA: Nakubali waliona hivyo. Lakini waliona hivyo hivyo katika uchaguzi wa Juni 1961. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, viti 10 kati ya 23, na ZNP na ZPPP wakaungana wakapata 13. Siku ya kupiga kura fujo zikazuka, watu 68 wakafa. Mbona serikali haikuanguka?

MAALIM: Mwingereza alikuwapo.

DOKTA: Ndipo ninapotaka tufike! Mwingereza alileta askari kutoka Kenya, fujo zikazimwa. Hasira ileile, chama kilekile, hesabu inayofanana, na matokeo mbali kabisa. Sasa tazama Januari 1964. Hakuna jeshi, Zanzibar ilikuwa na polisi tu. Hakuna mkataba wa ulinzi na Uingereza. Na polisi wenyewe wamedhoofishwa: serikali mpya ilianza kuwaondoa kazini askari waliotoka bara, na baadhi yao wakabaki hapa hapa mjini, hawana kazi, na wanaijua kambi ya polisi ya Ziwani ndani nje. Wanajua bunduki zinawekwa wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 watu wenye mapanga, mikuki na pinde wakavamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Walipopata ghala za silaha, kilichobaki kilikuwa suala la saa.

MAALIM: Hebu subiri. Umenieleza mlango ulikuwaje wazi. Hujanieleza kwa nini watu walikubali kwenda kufa mlangoni. Mtu haingii usiku ule na panga dhidi ya bunduki kwa sababu tu amesikia askari wamepungua.

DOKTA: Basi nieleze wewe. Na unieleze na Pemba. Huko ndiko ASP ilikopata viti viwili tu. Kama ni uchungu wa kura, ungetokea kwenu. Mbona uliripuka Unguja, na kwenu Mapinduzi yakaletwa kutoka huku?

MAALIM: Kwa sababu ya ardhi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na toka hapo karafuu nyingi zinatoka Pemba. Lakini kwetu mkulima mdogo alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe. Mwarabu na Mpemba wameoana, shamba limepakana na shamba. Unguja kulikuwa na watu wanaokaa katika shamba la mtu mwengine. Wanapalilia chini ya mikarafuu, na wao wanaruhusiwa kulima muhogo na mboga, lakini si kupanda mnazi wala mkarafuu, maana mti wa kudumu unampa mtu haki. Baada ya uchaguzi wa 1957 ikaingia siasa: tajiri wa ZNP akimshuku mkaazi wake ni wa ASP, anamtoa. Aliyetolewa anakimbilia wapi? Ng'ambo. Hao ndio waliokwenda Ziwani.

DOKTA: Huo ni ushahidi mzuri, Maalim, ila hata mimi unanifaa. Makao makuu ya polisi yalikuwa Unguja, serikali Unguja, Sultani Jamshid Unguja. Mtu anayetaka kuiangusha dola hangeanzia Wete, hata kama Wete pangekuwa na hasira mara kumi. John Okello mwenyewe, aliyejitangaza kiongozi wa Mapinduzi, aliishi Pemba, akahamia Unguja 1963.

MAALIM: Alihamia kwa sababu Pemba hakupata wa kumfuata!

DOKTA: Au kwa sababu Pemba hakukuwa na cha kuchukua. Utanionesha vipi ni ipi?

Hapo nimewasimamisha, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka msomaji akae.

Mimi upande wangu ni wa Dokta kuhusu tarehe. Ulinganisho wa 1961 na 1964 una nguvu kwa sababu malalamiko ni yaleyale, na kilichobadilika ni nani aliyekuwa akiilinda serikali. Mtu anayesema kura peke yake ziliangusha serikali lazima aeleze kwa nini hazikuiangusha miaka miwili na nusu kabla. Atasema uhuru wa Desemba uliongeza uchungu, na ni kweli, kwani kabla yake mtu angeweza kungoja uchaguzi mwengine chini ya mkoloni. Lakini uhuru huohuo ndio uliomaliza ulinzi wa Mwingereza, kwa hivyo mambo mawili yalikuja siku moja, na Dokta bado hajashindwa.

Kuhusu Pemba, sikubali anayesema ameshinda. Maalim anaona umiliki wa mikarafuu, Dokta anaona ghala za silaha, na visiwa vyetu vinatofautiana kwa yote mawili kwa wakati mmoja. Ulinganisho wa visiwa viwili tu hauwezi kuzitenganisha sababu hizo. Inanisikitisha kuona watu wazima wakitukanana juu ya Pemba kana kwamba jibu liko wazi.

Kuna ushahidi unaoweza kuwasogeza. Tukijua wale waliovamia Ziwani na Mtoni walikuwa nani mmoja mmoja, waliishi wapi mwaka 1957 na walifanya kazi gani mwezi Disemba 1963, hesabu itasema. Wakiwa wengi wametolewa mashambani, Maalim anapanda. Wakiwa wengi ni askari walioachishwa na vijana wa mjini wa chama, Dokta anapanda. Hayo si mambo ya kukisia barazani. Yako katika masimulizi ya wazee waliobaki, na wazee hao sasa wamepita miaka themanini. Mwenye babu au bibi aliyekuwa Ng'ambo usiku ule asimuulize nani alikuwa na haki. Amuulize alikuwa akiishi wapi kabla, na nani alimtoa huko.