Barua ya daktari wa akili kwa hakimu: mtoto asikike, mshtakiwa asinyimwe haki

"Daktari, mtoto huyu anaweza kutoa ushahidi? Na akiweza, tumsaidie kwa njia gani?"

Nchini Kenya, hakimu ana msingi wa kisheria wa kuomba ushauri huo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinamruhusu kumtangaza mtoto kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu na, akiwa na shaka, kumwita mtu mwenye utaalamu amshauri. Baada ya hapo anaweza kuamuru mtoto akingwe asionane na mshtakiwa, kesi isikilizwe faraghani, au awepo mtu wa kati anayepokea maswali ya mawakili na kumfikishia mtoto maana yake. Kwa upande wa pili, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupinga ushahidi unaotolewa dhidi yake, na hukumu inaweza kumpeleka gerezani maisha yake yote. Kila pendekezo la daktari huangukia katikati ya haki hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 9 kutoka pwani anadai kwamba mjomba wake, ambaye nyumba zao zina ua mmoja, alimnajisi. Daktari amemwona mara mbili, dakika 45 kila mara. Ameona kwamba mtoto huzungumza vizuri kuhusu shule na wadogo zake, lakini mlango ukifunguliwa ghafla hukatiza maneno, hutazama sakafu na hasikii hata jina lake likiitwa. Akipewa maji na kuachwa atulie, hurejea baada ya dakika kadhaa. Tena, baada ya kama dakika 20 za maswali huanza kukubali kila anachoulizwa, hata swali la mtego ambalo daktari amelitunga makusudi kuhusu rangi ya sare yake ya shule.

Maelezo hayo ndiyo kiini cha barua. Yanamwambia hakimu kwamba kunyamaza kwa mtoto si ukaidi wala dalili ya uongo, na pia yanamwambia kwamba "ndiyo" anayoitoa baada ya dakika 20 haifai kutegemewa na upande wowote. Wakili wa utetezi anayesoma barua hii kwa makini ataona kwamba pendekezo la mapumziko kila robo saa linamlinda mteja wake pia, kwa sababu mtoto aliyechoka anaweza kukubali maneno ya kiongozi wa mashtaka kama anavyoweza kukubali yake.

Daktari hukosea anapovuka mpaka mmoja, na nimeona hata madaktari wazuri wakiuvuka kwa huruma. Anaandika kwamba ndoto za kutisha na kukojoa kitandani "zinathibitisha" kuwa mtoto alidhulumiwa. Hazithibitishi. Dalili hizo hutokana pia na misiba, ugomvi wa wazazi au kuhamishwa nyumbani, na msichana wetu amehamishiwa kwa shangazi tangu kesi ianze. Kuamua kama anasema kweli ni kazi ya hakimu peke yake. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto pekee katika kesi za namna hii, mradi aandike sababu za kuridhika kwamba mtoto amesema kweli. Sababu hizo zikiazimwa kutoka kwa daktari badala ya kutoka kwenye ushahidi wenyewe, wakili wa utetezi amepewa hoja ya rufaa, na gharama yake atailipa mtoto.

Suala la mtu wa kati ndilo zito zaidi. Sheria inaruhusu hata mzazi kufanya kazi hiyo, na kwa mtoto mdogo mama ndiye anayemjua kuliko wote. Lakini katika mfano wetu mama ndiye aliyeambiwa kwanza na ndiye aliyempeleka mtoto hospitalini, kwa hiyo naye ni shahidi. Kumweka kati ya wakili na mtoto kunatia doa kila jibu. Barua iseme hivyo waziwazi, na impendekeze ofisa wa watoto au mshauri nasaha asiye na ushahidi wake katika kesi.

Hata akipatikana mtu huyo, malalamiko ya utetezi yana uzito. Wakili anauliza: "Shangazi yako alikufundisha useme hivi, sivyo?" Mtu wa kati anamgeukia mtoto: "Kuna mtu aliyekwambia useme nini leo?" Swali la pili ni jepesi kwa mtoto, lakini shutuma dhidi ya shangazi imepotea njiani. Naona suluhisho si kumwachia mtu wa kati uhuru wa kulainisha atakavyo. Barua ipendekeze kikao kifupi kabla ya siku ya ushahidi, ambapo hakimu na mawakili wa pande zote mbili watakubaliana jinsi maswali ya aina hiyo yatakavyoundwa. Hapo "Shangazi alikwambia useme nini?" linaweza kupita likiwa na shutuma yake, bila ile "sivyo" inayomvuta mtoto akubali.

Katika Kiswahili kuna mitego ambayo daktari anayemsikiliza mtoto kwa lugha yake anapaswa kuitaja, kwa kuwa kumbukumbu za mahakama kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto akiulizwa "Hukumwambia mama?" akajibu "Ndiyo", anamaanisha kwamba ni kweli, hakumwambia. Jibu hilo likitafsiriwa neno kwa neno linaweza kusomeka kwamba alimwambia. Akisema "saa mbili usiku" na karani akaandika "2 a.m.", yaani saa nane usiku, ushahidi umehama kwa saa sita. "Alinishika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Na maneno "tabia mbaya", ambayo watoto wengi hutumia kwa aibu, yamezua mabishano katika rufaa kuhusu kama yanatosha kuthibitisha tendo lenyewe. Daktari asimfundishe mtoto neno jingine, maana huo ni ushahidi mpya. Aandike tu maneno ambayo mtoto huyatumia kuita viungo vya mwili, ili mahakama ijue cha kuuliza.

Pazia la kumkinga mtoto asionane na mshtakiwa nalo hupingwa kwa hoja kwamba linamwonyesha mshtakiwa kuwa mtu hatari kabla ya hukumu. Hoja hiyo ina nguvu kidogo hapa, kwa sababu anayeamua ni hakimu, na yeye ndiye aliyeamuru pazia liwekwe. La muhimu zaidi ni kumuuliza mtoto mwenyewe. Wapo wanaoogopa zaidi wasipomwona mtu huyo, kwa kuwa hawajui yuko wapi chumbani. Msichana wetu alimwambia daktari kwamba anachotaka ni kujua mlango atakaotumia mjomba. Ziara moja mahakamani asubuhi tulivu, akaonyeshwa kiti chake na mlango huo, inaweza kumfaa kuliko pazia lolote.

Ipo pia hofu kwamba matibabu kabla ya kesi hupandikiza kumbukumbu. Haiwezi kupuuzwa, lakini kumnyima mtoto usingizi kwa mwaka mzima kwa ajili yake ni ukatili. Anaweza kutibiwa woga na kukosa usingizi bila kurudiarudia kisa, na kila kikao kikaandikwa. Anayemtibu asiwe yeye anayeishauri mahakama, kwani nakala ya barua huenda kwa utetezi na siri za mgonjwa hazipaswi kwenda nayo.

Mwisho wa barua uwe na tarehe. Kesi ikiahirishwa miezi sita, mtoto aliyeelezwa humo si yuleyule, na daktari aombe kumwona tena wiki moja kabla ya kusikilizwa, kisha amwombe hakimu ushahidi wake uanze asubuhi, kabla ya kesi nyingine, na umalizike siku hiyohiyo.