Kijitabu cha kura cha Uswisi na kelele zetu za Mswada wa Fedha

Kwa kawaida mara nne kwa mwaka, masanduku ya barua hapa Zurich hupokea bahasha za kura. Zinafika wiki tatu hadi nne kabla ya siku yenyewe, na ndani yake mna kijitabu. Mimi ni Mkenya, si raia wa huku, kura si yangu, lakini kijitabu kinapatikana mtandaoni kwa yeyote, na kila kinapotoka kinanifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Kila suala lina muhtasari, hoja za serikali, hoja za kamati inayoipinga, na maneno kamili ya sheria inayopigiwa kura. Wapinzani wanaandika kurasa zao wenyewe. Serikali ya shirikisho inaweza kubadilisha au kukataa matusi, uongo ulio wazi au maelezo marefu kupita kiasi, basi. Ugomvi wa mitandaoni upo huku pia, tena mkali. Tofauti ni kwamba wagomvi wote wana maandishi yaleyale mbele yao, na wanajua siku ambayo ubishi utageuka uamuzi.

Umuhimu wa hilo ulionekana baada ya kura ya Februari 2016 kuhusu pendekezo la kuondoa kodi inayowabana wanandoa kuliko wanaoishi pamoja bila ndoa. Serikali iliwaambia wapiga kura kwamba wanandoa wapatao 80,000 ambao wote wawili wana kipato ndio walioumizwa na kodi hiyo. Pendekezo likashindwa kwa kura za hapana asilimia 50.8. Miaka miwili baadaye serikali ikakiri kwamba idadi yao ilikuwa kama 454,000. Aprili 2019 Mahakama ya Shirikisho ikafuta matokeo. Kosa liliwezekana kushtakiwa kwa sababu liliandikwa mahali panapojulikana, na anayewajibika nalo alijulikana. Uongo unaosambazwa kwenye kundi la WhatsApp utaupeleka mahakama gani, wakati wa kumi aliyeutuma hamjui wa kwanza?

Mwanafalsafa Mjerumani Jürgen Habermas alipoeleza uwanja wa umma mwaka 1962, hakuwa anasifu watu kuongea tu. Alizungumzia watu binafsi wanaokutana kuhoji mamlaka kwa hoja, hadi maoni yao yawe nguvu ambayo mtawala hawezi kuipuuza. Kwa hiyo kuna sehemu mbili: kuongea, na njia ya kuyafikisha maneno pale panapoamuliwa. Mitandao imetupa ya kwanza kwa wingi. Ya pili haijatupa.

Najua mtakachosema: huyu kapata baridi kidogo ya Ulaya, sasa anatudharau. Sidharau. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya kitaifa mwaka 1971 tu, na zaidi ya robo ya wakazi wa nchi hii ni wageni wasio na kura hiyo. Na kwa ari ya mjadala, Kenya ya Juni 2024 sijaona mfano wake huku. Vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakajaza vikao vya sauti kwenye X hadi usiku wa manane. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate na ile ya magari zikaondolewa kwenye mswada. Hiyo ni nguvu ya mitandao, na najivunia.

Lakini tazameni udhaifu wake ulipojificha. Mswada ulipobadilika, orodha za zamani za kodi zilizokuwa zikizunguka mitandaoni hazikubadilika. Picha iliyopigwa kwenye simu haina tarehe, na mtandao unapandisha juu kinachosisimua, hata kama ni cha juzi. Anayetetea serikali anajibu mswada mpya, anayepinga anausoma wa zamani, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Kisha tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha dhidi ya 106, baada ya wiki nzima za hoja hizo zote. Rais alikataa kuutia sahihi kesho yake, baada ya vijana kuuawa barabarani. Hilo ndilo linaloniuma: hoja zilikuwepo, zimeandikwa vizuri, na bado ilibidi miili ya watu ndiyo izifikishe.

Mtaniambia Uswisi ina pesa na posta. Kijitabu hakihitaji posta. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya tayari kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja rasmi wa mtandaoni wenye toleo la sasa la mswada, tarehe ya kila badiliko juu yake, kurasa mbili za wanaopinga walizoandika wenyewe, na namba kwa kila maoni yaliyowasilishwa ili mtu aone yalikubaliwa au yalikataliwa kwa sababu gani. Kiungo chake kingetumwa kwenye WhatsApp badala ya picha, na anayekifungua wiki ijayo angeona mswada wa wiki ijayo.

Na anayesema watu wetu hawasomi, aeleze Juni 2024 walikuwa wanafanya nini.