Kabla ya kumwambia msomaji apunguze mwendo

Video fupi ya afya imekamilika, picha zimeshafungwa, sauti imeingizwa, na kila anayeisikiliza analalamika kwamba msomaji anakimbia. Amri ya kwanza inayotoka kwenye meza ya prodyuza ni ileile siku zote: arudi studio, asome taratibu. Ni amri rahisi, haina gharama kubwa, na mara nyingine ndiyo sahihi. Ila mara nyingi zaidi, kwa ninavyoona, inampa msomaji kazi isiyowezekana, kwa sababu aliyejaza maneno kupita kiasi ni mwandishi.

Tuchukue kipande kimoja. Video inawafundisha wazazi namna ya kumhudumia mtoto anayeharisha, na kwa sehemu ya dawa, yaani zinki na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, picha zina sekunde 25. Skripti inasema hivi:

«Mtoto anapoharisha mara tatu au zaidi kwa siku, changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na salama yaliyochemshwa na kupoa, mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha ikiwa ana umri wa chini ya miaka miwili, au mililita 100 hadi 200 ikiwa amezidi umri huo, na mpe pia zinki miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 ikiwa hajatimiza miezi sita.»

Kitabibu hakuna kosa hapo. Ndivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulivyoelekeza kwa miaka mingi. Na ukihesabu maneno kwenye kompyuta utapata 66, yaani kama maneno 158 kwa dakika. Watu wengi wa video wanatumia kipimo cha maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo mwandishi ataona amepita kidogo tu na atamgeukia msomaji. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kilizaliwa kwenye Kiingereza, ambako maneno mengi ni mafupi. Neno letu moja kama «yaliyochemshwa» lina ngeli, wakati na kirejeshi ndani yake, na msomaji lazima alitamke lote. Tarakimu ndizo zinazodanganya zaidi: kompyuta inaona 1964 kuwa neno moja, ilhali mdomo unasema «elfu moja mia tisa sitini na nne».

Kipimo cha haki kwa Kiswahili ni silabi, na kuzihesabu si kazi ngumu. Andika tarakimu zote kwa maneno, andika vifupisho kama vinavyotamkwa, kisha hesabu irabu. Ongeza moja kwa kila «m» au «n» inayosimama peke yake, kama ile ya «mtoto» au «nne». Kipande chetu kinafika silabi 175 hivi. Mimi hukadiria silabi tano kwa sekunde, vituo vikiwemo, kuwa ni mwendo ambao msikilizaji wa kawaida anaufuata bila kukunja uso. Kila msomaji ana mwendo wake, na ni vizuri kupima wa kwako kwa aya nyepesi na saa ya simu. Kwa kadirio hilo, silabi 175 zinataka sekunde 35, na picha zina 25. Sekunde kumi hazipo. Ukimwambia msomaji apunguze mwendo, ama atapitiliza picha, ama atapunguza mwanzoni na kukimbia mwishoni, kwenye zinki, sehemu ambayo wazazi wengi hawaijui kabisa.

Hapo mtu atasema: basi ongeza picha. Ni hoja nzuri, na pale ambapo mhariri anaweza kuongeza sekunde kumi bila kuivuruga video, afanye hivyo. Lakini hata ukimpa msomaji dakika nzima, kipande hiki bado kitasikika cha haraka. Kina namba 13. Na mpangilio wake unamchosha msikilizaji kuliko wingi wake: kinataja mililita kwanza, ndipo kinasema ni za nani. Mama anasikia «50 hadi 100», anazishika kichwani bila kujua kama zinamhusu, anangoja «ikiwa», na akifika hapo namba nyingine zimeshaanza kuingia. Kusoma taratibu kunamwongezea muda wa kubeba mzigo huo. Kasi anayoilalamikia msikilizaji si ya ulimi peke yake. Ni ya mambo mapya yanayomfikia kabla ya yale ya kwanza hayajakaa.

Sasa tukipunguze chenyewe. Swali la kujiuliza ni lipi lazima liingie kwa sikio, kwa sababu mikono ya mzazi itafanya kazi leo jioni bila karatasi mbele yake, na lipi lina mlango mwingine wa kuingilia. Toleo ninalolipendekeza ni hili:

«Mtoto anaharisha? Chukua pakiti moja ya ORS. Mimina yote kwenye lita moja ya maji safi. Koroga. Kila akiharisha, mnyweshe. Chini ya miaka miwili, nusu kikombe. Aliyezidi hapo, kikombe kizima. Kisha mpeleke zahanati akapewe zinki. Vidonge hivyo avimalize, hata kama kuharisha kumekoma.»

Silabi ni 116 hivi, sawa na sekunde 23 na ushei, kwa hiyo inabaki nafasi ndogo ya kimya baada ya «koroga», wakati picha inaonyesha kijiko kikizunguka. Kikombe kinachoonekana ni cha mililita 200, na nusu yake imechorwa mstari. Sufuria ya maji inaonekana ikichemka, kisha ikiwekwa kando ipoe. Miligramu zimeondoka kwa sababu mzazi hapimi miligramu. Anayezipanga ni mhudumu wa zahanati, na yeye ndiye atakayetazama umri na kusema vidonge ni vya siku ngapi. Kilichobaki kwa mzazi ni kile ambacho mhudumu hawezi kukifanya kwa niaba yake: kutoacha dozi katikati mtoto anapoonekana amepona.

Zingatia kisichokatwa. «Yote» na «lita moja» vimebaki, na umri umetangulia kipimo. Pakiti ikichanganywa kwenye maji machache, mchanganyiko unakuwa na chumvi kali na unaweza kumdhuru mtoto. Tena zipo pakiti za nusu lita, kwa hiyo kabla ya kurekodi mtu aende duka la dawa la eneo husika aangalie pakiti zilizopo zimeandikwa nini. Kupunguza habari bila kuijua fani ni hatari kuliko msomaji anayekimbia.

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu zake. Daktari aliyeipitia skripti ya kwanza hakuweka «yaliyochemshwa na kupoa» kwa kupenda maneno. Atauliza: na yule ambaye video inamfikia kwenye simu iliyolazwa mezani, anasikia tu, hatazami? Swali hilo halijibiwi kwa kusema watu wataona kwenye picha. Atauliza pia kama kila mzazi atafika zahanati. Mimi ningemkubalia la kwanza kwa sehemu: kama uchunguzi wa hadhira unaonyesha wengi wanasikiliza bila kutazama, maji yaliyochemshwa yarudi kwenye sauti na sentensi ya zinki ipelekwe kwenye kipande chake. La pili silikubali sana, maana vidonge vyenyewe vinatoka kwa mhudumu au duka la dawa, na asiyefika huko hana miligramu za kuzipanga.

Kuna sababu nyingine ya kumtetea anayeanza na msomaji. Skripti iliyokwisha kupitishwa ina saini za watu. Kubadilisha sentensi moja kunaweza kurudisha faili kwa mteja, kwa mtaalamu, kwa ofisi iliyotoa fedha, na wiki ikapita. Msomaji yuko studio, kipaza sauti kimewashwa, na kujaribu tena kunachukua nusu saa. Yapo pia maneno yasiyoguswa: tangazo la mkopo au la bahati nasibu litabeba masharti yake, upende usipende. Huko la kufanya ni kupunguza kitu kingine ili masharti yapate pumzi, ingawa sote tumeyasikia yakimwagwa mwishoni kwa kasi ambayo hakuna binadamu anaweza kuifuata. Sijashawishika kwamba hiyo ni bahati mbaya.

Na kweli wapo wasomaji wanaokimbia wenyewe. Aliyezoea kutangaza mpira au matangazo ya biashara huja na kasi yake, na woga nao humsukuma mtu. Kumtambua ni rahisi: mpe aya nyepesi ambayo haihusiani na kazi hii. Akiikimbiza nayo, tatizo ni lake. Akiisoma kwa utulivu kisha akakimbia kwenye skripti yako, tatizo liko kwenye karatasi. Sikiliza pia anapovutia pumzi. Anayekimbia kwa mazoea hupumua kwenye nukta lakini hufanya haraka. Aliyebanwa na skripti hupumua katikati ya sentensi, hasa baada ya namba, na humeza silabi za mwisho.

Hata kwa yule mwenye tatizo lake, «punguza mwendo» ni agizo dhaifu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo. Msomaji aliyeambiwa apunguze hurefusha kila silabi, mkazo ukapotea, na sauti ikawa ya mtu anayesomea watoto wa chekechea. Mwelekeze kwenye vituo: asimame baada ya «koroga», asianze umri wa pili mpaka wa kwanza umalizike. Maagizo ya namna hiyo yanahitaji skripti yenye nukta za kusimamia, na skripti ya kwanza ilikuwa na nukta moja tu, mwishoni kabisa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kupunguza habari si lazima kupunguze maneno. Ukiwa na sekunde za kutosha, kurudia «lita moja, si nusu» kunaongeza silabi lakini hakuongezi jambo jipya, na masikio yanapumzika hapo. Ndiyo maana skripti mbili za urefu uleule, zikisomwa na mtu yuleyule, moja inaweza kusikika ya haraka na nyingine tulivu.

Namna ya kupima ni kumpata mtu ambaye hajaiona skripti, umsikilizishe mara moja bila picha, kisha umpe pakiti, jagi la lita moja na kikombe, umwambie afanye. Usimuulize kama msomaji alikimbia. Wengi watasema hapana kwa adabu. Tazama mkono unasita wapi. Akisita kwenye kikombe, kipande cha umri ndicho kilichojaa, na hapo ndipo pa kukata au kutenganisha. Asiposita popote lakini akasema sauti ilimchosha, mrudishe msomaji studio.

Kwa redio, ambako hakuna picha ya kubeba sufuria wala mstari wa kikombe, mimi nisingejaribu kuyaweka yote kwenye tangazo moja. Ningetengeneza mawili, la kuchanganya ORS na la zinki, yapishane kwenye ratiba. Mteja atalalamika kwamba analipia muda wa hewani mara mbili, na ana haki ya kulalamika. Aonyeshwe basi lile tangazo moja, na mtu mwenye pakiti na jagi mkononi.